Kabla hujaandika barua ya hasira kwa baraza, omba muhtasari wa kikao

Asubuhi moja mama mdogo alinipigia simu kutoka mkahawani kwake huku Pemba, sauti yake inatetemeka. "Mwanangu, wamenifutia leseni. Nimewakosea nini?" Nilipofika nikakuta ukurasa mmoja wenye mistari minne: kutokana na malalamiko ya wananchi, leseni yako imefutwa kuanzia leo. Chini pana saini ya ofisa mmoja na muhuri wa baraza. Lalamiko hasa ni lipi, hakuna, na nani kalalamika hakutajwa. Miaka yote ile ya kupika pweza na mikate ya kumimina, ikaisha kwa mistari minne.

Yeye alitaka twende mahkamani tumwoneshe hakimu jiko lake lilivyo safi. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea njia, na ndiyo maana naandika haya. Mahkama Kuu ikipitia uamuzi wa chombo cha umma haipimi kama jiko ni safi. Haikai kwenye kiti cha baraza ikaamua upya. Inaangalia uamuzi ulivyopatikana: je, sheria ilimpa aliyeamua mamlaka hayo, alimsikiliza anayeumia, na je, uamuzi ni wa aina ambayo hakuna chombo chenye akili timamu kingeweza kuufikia? Mahkama ya Rufani ya Tanzania, ambako rufaa za Mahkama Kuu ya Zanzibar huishia, ilizitaja sababu hizi pamoja katika hukumu iliyo kwenye ripoti za sheria za 1990. Iliongeza na nyingine, zikiwemo kutilia maanani jambo lisilohusika, na kuacha kuangalia linalohusika.

Basi tukaanza na karatasi. Niliomba nakala ya kanuni iliyotajwa kwenye barua na nikaisoma mstari kwa mstari. Mambo mawili yalitoka. La kwanza, kifungu chenyewe kilihusu meza za sokoni, na mama mdogo anapika kwenye baraza ya nyumba yake. La pili ndilo lililonifanya niketi wima: kanuni ilisema anayefuta ni "Baraza". Haikusema ofisa wa baraza. Sheria ikilipa mamlaka baraza zima, mtu mmoja hawezi kuyatumia peke yake kwa sababu tu ana muhuri mezani, mpaka pawe na kifungu kinachoruhusu kumkasimisha, na kweli awe amekasimishwa.

Kwa hiyo tukaandika barua fupi sana. Hatukulalamika. Tuliomba vitu vitatu: muhtasari wa kikao kilichofuta leseni, waraka unaomkasimisha ofisa ikiwa upo, na maelezo ya lalamiko lenyewe. Tulipeleka nakala mbili masjala, moja ikabaki kwao, ya pili ikapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na kurudi kwetu. Nakala hiyo iwekwe pamoja na bahasha ya barua ya kwanza, maana siku utakapokula kiapo mbele ya mahkama, tarehe ndizo zitakazokutetea au kukukana.

Jibu lilichelewa, tukakumbusha mara mbili kwa maandishi. Lilipokuja lilikiri kwamba jambo lile halikuwahi kufika kikaoni.

Sasa kuhusu kusikilizwa. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 12(6)(a), inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa na mahkama au chombo kingine. Watu husikia "kusikilizwa" wakafikiri ni kuitwa ofisini na kuulizwa una la kusema. Haitoshi. Usikilizwaji wa kweli unaanza kabla: unaambiwa tuhuma kwa undani wa kutosha kuijibu, unapewa muda wa kutayarisha jibu, na anayeamua hana maslahi katika jambo hilo. Ofisi nyingi hujitetea kwamba hata angesikilizwa matokeo yangekuwa yale yale. Mahkama ya Rufani imeshaukataa utetezi huo waziwazi: uamuzi uliotolewa bila kumsikiliza anayeathirika hubatilishwa, hata kama akisikilizwa uamuzi ungebaki ule ule.

Na uamuzi usio wa busara? Hoja hii huvutia kwa sababu kila aliyeumizwa anaona ameonewa bila akili. Ningekushauri uiweke mwisho. Shauri maarufu kuliko yote la hoja hii ni la Wednesbury, Uingereza, lililoamuliwa 1947. Mamlaka ya mji ilimruhusu mwenye sinema kufungua Jumapili kwa sharti kwamba watoto chini ya miaka 15 wasiingie. Mwenye sinema aliona sharti halina maana, akaenda mahkamani, na akashindwa. Kipimo kilichotoka hapo ni kigumu mno: haitoshi hakimu kuona yeye angeamua vingine. Ukiwa na kosa la mamlaka na kosa la kutosikilizwa, usiyafunike kwa hoja dhaifu.

Wakili tuliyemwendea alituuliza swali moja kwanza: kuna njia ya rufaa ndani ya sheria yenyewe? Ikiwepo, mahkama kwa kawaida itataka uipitie kabla. Yetu haikuwa nayo. Kisha akatueleza mpangilio: unaomba ruhusa Mahkama Kuu kwanza, ukiambatisha maelezo ya sababu na kiapo chenye barua zote, na unaweza kuomba uamuzi usitekelezwe kwa muda huku shauri likiendelea. Ruhusa ikipatikana ndipo maombi yenyewe yanafunguliwa, ukitaka amri ya kutengua uamuzi, ya kuwazuia wasifanye jambo, au ya kuwalazimisha watimize wajibu wao wa kisheria. Kuhusu muda, utasikia watu wakitaja miezi 6. Hiyo ni ya Tanzania Bara, kwa sheria isiyohusu Zanzibar. Usijitulize nayo, mwone wakili wiki ile ile uliyopata barua, kwani kuchelewa peke yake kunaweza kukunyima ruhusa.

Kabla ya kufungua, wakili aliwaandikia baraza, akaweka mambo mawili tu: hakuna kikao, hakuna usikilizwaji. Baraza likaiondoa barua yake. Mama mdogo alifurahi akadhani yamekwisha, nikalazimika kumwambia ukweli ambao mahkama nayo ingemwambia: uamuzi ukitenguliwa, jambo hurudi kwa chombo kile kile kiamue upya kwa njia sahihi. Hupewi uhakika wa kubaki na leseni, wala kwa kawaida hulipwi kwa siku ulizofunga.

Wakamwita rasmi. Safari hii barua ilikuwa na lalamiko lenyewe na siku 9 za kujibu. Kumbe hawakulalamikia usafi hata kidogo, walilalamikia moshi wa kuni unaoingia dirishani kwa jirani wakati wa magharibi. Mmoja wa wajumbe alikuwa ndugu wa jirani huyo, tukaomba kwa maandishi asikae, na mwenyekiti alimtoa kabla ya kuanza. Mama mdogo alisimama na kanga yake ya kazi, akasema, "Moshi ni kweli, mheshimiwa, na mngenieleza tokea mwanzo." Sheha alithibitisha kwamba hakuwahi kumfikishia lalamiko hilo.

Leseni ilirudi na sharti moja, dohani ipandishwe hadi juu ya paa. Fundi aliimaliza kwa siku mbili.