Shekue badala ya Shekuwe

"Cheti cha kuzaliwa cha mwanangu kimeandikwa Shekue, sisi ni Shekuwe. Nipeleke karatasi gani kwa msajili? Niko Lamu."

Dadangu, kwanza mwombe msajili aangalie daftari lake. Kama humo mna Shekuwe, basi ni kosa la uchapaji tu la cheti, na kazi ni nyepesi. Kama daftari lenyewe limekosea, hapo ndipo ushahidi unatakiwa.

Karatasi yenye uzito ni ile iliyoandikwa karibu na siku ya kuzaliwa: taarifa ya kuzaliwa ya hospitali na kadi ya kliniki. Ambatanisha kitambulisho cha baba, maana jina la ukoo limetoka kwake. Karatasi za shule mara nyingi zimenakiliwa kutoka cheti hichohicho, kwa hiyo zinarudia kosa. Kiapo mbele ya kamishna wa viapo hueleza kosa lilivyotokea, ila peke yake ni dhaifu.

Kabla hujaenda, soma kitambulisho cha baba herufi kwa herufi. Kikiwa kimeandikwa Shekue, cheti kitaonekana sahihi, na itabidi kitambulisho kirekebishwe kwanza. Na tafadhali usiguse cheti kwa kalamu. Mkitaka jina jingine kabisa, hayo si marekebisho tena, muone wakili.