Kumwomba mteja akuletee mwingine: saa gani, kwa maneno gani

*Ninawatengenezea wenye maduka hapa Lubumbashi majedwali ya stoki kwenye Excel. Wanasifu kazi, lakini nikiwaomba waniletee wateja wengine siku ya kunilipa, wanajibu «tutaona», na inaishia hapo. Nakosea wapi?*

Ndugu yangu, siku ya malipo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu mteja anahesabu pesa zinazomtoka na faida ya jedwali lako bado hajaiona. Mimi mwenyewe nilikosea hivyo kwa mama mmoja mwenye duka la dawa kule Kamalondo: nilimwomba huku akinihesabia noti, naye alinitazama kama niliyemwongezea deni.

Wiki tano baadaye alifunga hesabu ya mwezi, na kwa mara ya kwanza idadi ya dawa rafuni ikalingana na iliyoandikwa. Jioni hiyo alinipigia simu bila mimi kumtafuta. Kwa kazi yetu, saa ya kuomba ni hiyo, mteja anapotaja mwenyewe matokeo aliyoyapata. Kwa hiyo tangu siku hiyo huandika tarehe ya hesabu ya kwanza ya kila mteja, nikampigia kesho yake kumuuliza imekwendaje. Akitaja kasoro, nairekebisha kwanza na siombi lolote.

Swali nalo liwe jembamba. Ukisema «kama kuna mtu anahitaji», unampa mji mzima wa kuupekua kichwani, na hataupekua. Mimi nilimuuliza hivi: «Mama, kati ya wenzako wenye maduka ya dawa, ni nani bado anaandika stoki kwenye daftari?» Akataja wawili papo hapo. Sikumwomba namba zao, kwani kutoa namba ya mtu bila ruhusa yake kunamweka pabaya. Nilimwandikia ujumbe mfupi wa WhatsApp ambao angeupeleka kama ulivyo:

«Huyu ndiye aliyenipangia stoki. Mwezi huu hesabu imelingana. Ukitaka, atakuja kuangalia daftari lako nusu saa, bila malipo.»

Mmoja alinipigia, mwingine hakupiga. Wote wawili nilimweleza mama habari zao, hata yule aliyenyamaza, kwa sababu aliyekutajia mtu asiposikia lolote hudhani alikuaibisha au ulimpuuza, na hatataja wa pili.

Wengi huahidi komisyo. Kwa wenye maduka wanaofahamiana siipendi: mwenzake akijua amelipwa, sifa yote inageuka biashara. Afadhali uende kumsaidia hesabu ya mwezi unaofuata bure, na uifanye baada ya mtu kuletwa, bila kuiahidi kabla.

Akisema «nitakuambia» kisha akabadilisha mazungumzo, mwache. Usirudie ombi mpaka apate matokeo mengine ya kutaja, kwa mfano atakapogundua kwenye jedwali dawa zinazokaribia kuisha muda na kuziuza mapema.