Kona ya skwea paipu isibonyee

"Nakunja skwea paipu ya 40 kwa 40 kwa fremu ya kibanda hapa Mwanjelwa, kona inabonyea. Nimeambiwa nijaze mchanga. Nifanyeje?"

Kaka, usiikunje nzima. Aliyekuambia ujaze mchanga yuko sawa nusu: unasaidia kwenye tao pana, siyo kona kali. Chora pembetatu kwenye kuta mbili za pembeni, mdomo wake uwe upande wa ndani wa kona, kata kuta tatu kwa grenda, ukuta wa nje uuache mzima. Paipu ikiwa na unene wa milimita 1.5, kina cha kukata ni 38.5, kwa hiyo mdomo wa pembetatu uwe milimita 77 upate nyuzi 90. Ukikunja, kingo zinakutana.

Wengi tunaharibu hapa: unamaliza kuchomelea kona moja, chuma kikipoa kinaivutia ndani. Nilirudia fremu nzima Uyole kwa kosa hilo. Piga nukta kona zote nne kwanza, kisha pima kwa futi kamba kutoka kona hadi kona ya mkabala, mishazari yote miwili. Vipimo vikitofautiana, gonga taratibu mpaka vilingane, ndipo uchomelee kwa kubadilisha kona.

Nguzo je, zikunjwe au zikatwe nyuzi 45? Mafundi hatukubaliani, mimi nakata.