Tairi kubwa na kilometa za dashibodi

"Nimetoa 195/65R15 nikafunga 215/65R15. Mbona safari ileile inasoma kilometa pungufu?"

Ndugu, gari linahesabu mizunguko ya magurudumu tu. Tairi la zamani lina kipenyo cha milimita 634 hivi, hili jipya 660, kwa hiyo kila mzunguko unakupeleka mbele zaidi kwa asilimia 4. Dashibodi ikiandika 100, umetembea 104. Ungefunga dogo, ingezidisha.

Spidi nayo uiangalie sana. Kiwandani mshale huwekwa usome juu kidogo. Akiba hiyo sasa imeliwa, na tochi inaweza kukunasa ukiamini uko 80. Linganisha na spidi ya ramani ya simu kwenye barabara iliyonyooka.

Oili ya kilometa 5,000 imwage ikisoma 4,800. Ukipima ulaji wa mafuta, zidisha kilometa kwa 1.04 kwanza, la sivyo utadhani injini inakunywa.