Pavlov au Skinner? Angalia kama kilichofuata kilitegemea kitendo

Slaidi nyingi za saikolojia hutenganisha aina mbili za ujifunzaji, wa kiklasiki uliochunguzwa na Pavlov na wa kiutendaji uliochunguzwa na Skinner, kwa mstari mmoja: wa kiklasiki unahusu yasiyo ya hiari, kama mate na mapigo ya moyo, wa kiutendaji unahusu matendo ya hiari. Mstari huo si uongo, ila nimefundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kiasi cha kutosha kuona wanavyokwama wakiutegemea peke yake. Ukiwapa mfano wa mtoto anayelia, darasa linagawanyika papo hapo. Kulia ni kwa hiari au si kwa hiari?

Ushauri wangu ni kuliweka kando suala la hiari na kuuliza hivi: je, kilichofuata kilitegemea alichofanya mhusika?

Mbwa wa Pavlov alisikia mlio, kisha akapewa chakula. Atoe mate asitoe, chakula kilikuja vilevile. Alichojifunza ni kwamba kitu kimoja hutangulia kingine. Panya wa Skinner alikuwa katika hali tofauti kabisa: asipobonyeza wenzo, hapati tembe ya chakula. Yeye alijifunza kwamba kitendo chake kinaleta kitu fulani. Ukilielewa hilo, sehemu kubwa ya slaidi zinazobaki inasomeka bila taabu.

Sasa tuuchambue mfano mmoja mpaka mwisho. Mtu anazibwa jino na anaumia. Maumivu ni kichocheo asilia, kwa sababu hakuna anayehitaji kufundishwa kushtuka anapoumia. Ule mshtuko na moyo kwenda mbio ni mwitikio asilia. Mlio wa mashine ya daktari mwanzoni haukuwa na maana yoyote kwake. Kwa kuwa ulitangulia maumivu, safari ijayo anausikia akiwa bado kwenye kiti cha kusubiri na moyo unaanza kwenda mbio. Mlio umekuwa kichocheo cha kujifunza, na hofu hiyo ni mwitikio wa kujifunza. Pima kwa swali letu: maumivu yale yalikuja kwa sababu moyo ulikwenda mbio? Hapana, yangekuja tu. Basi huo ni ujifunzaji wa kiklasiki.

Miadi mingine inakaribia. Hofu inampanda, anapiga simu kuahirisha, na papo hapo anapata ahueni. Miadi inayofuata anaahirisha tena, haraka zaidi. Ahueni ilitegemea kupiga simu? Ndiyo, asingepiga asingeipata. Hapa tumeingia kwenye ujifunzaji wa kiutendaji, ingawa mtu ni yuleyule na hofu ni ileile.

Kinachoendeleza kuahirisha huko kinaitwa uimarishaji hasi, na hapa ndipo alama nyingi hupotea. Wanafunzi huona neno “hasi” wakaandika adhabu. Hasi maana yake kuna kitu kimeondolewa, kwa mfano huu hofu. Kabla hujaandika jibu, tazama kitendo chenyewe: kimeongezeka au kimepungua? Kikiongezeka ni uimarishaji, hata kama mfano mzima unahusu jambo la kuumiza. Adhabu hupunguza kitendo.

Mfano huu naupenda kwa sababu unaonyesha pia kwa nini hofu ya namna hii haikomi yenyewe. Ili mwitikio wa kujifunza ufifie, mtu anapaswa kuusikia mlio mara kwa mara bila maumivu kufuata. Anayeahirisha kila mara hajipi nafasi hiyo. Mwanasaikolojia Mowrer alieleza jambo hili mwaka 1947: hofu huanza kwa njia ya kiklasiki, halafu kuikwepa kunaendelezwa kwa njia ya kiutendaji. Ukipewa swali la hofu kwenye mtihani, usikimbilie kuchagua moja. Taja kwanza ni tabia ipi unayoieleza, hofu au kukwepa.

Turudi kwa mtoto anayelia. Akilia anapoona sindano tu, kabla haijamgusa, huenda ni kiklasiki: sindano iliwahi kutangulia maumivu, na maumivu hayo hayakusubiri alie. Akilia dukani na kila mara akanunuliwa peremende, hiyo ni kiutendaji. Sauti inaweza kuwa moja, na kwa kumtazama tu usingejua. Kinachotofautisha ni matokeo: acha kabisa kununua peremende, na kilio cha dukani kitapungua taratibu, ingawa mara nyingi hupanda kwanza kabla ya kushuka. Kilio cha sindano hakitapungua kwa kumnyima peremende. Hicho hufifia anapoiona sindano mara nyingi bila kuchomwa.