Rasimu imerudi imejaa wekundu: amerekebisha kweli au amepaka rangi?

*Swali: Shikamoo Profesa. Mwanafunzi wangu wa uzamili amerudisha tasnifu pamoja na jedwali la majibu, kila hoja ameandika "imerekebishwa". Kurasa zimejaa wekundu. Nitajuaje kama kweli amefanyia kazi maoni yangu?*

Marahaba. Wekundu usikutishe. Mwanafunzi huwasha na kuzima ufuatiliaji wa mabadiliko apendavyo, kwa hiyo chukua nakala uliyoiandikia maoni, kwenye Word ingia `Review`, kisha `Compare`, ulinganishe mwenyewe na hii mpya. Kwenye mipangilio ondoa tiki ya `Formatting`, la sivyo kila aya iliyobadilishwa fonti itakuhesabia kazi.

Lakini hata hapo utakuwa umeona palipoguswa tu. Linalonichosha kila msimu wa mahafali ni wasimamizi wanaofungua ukurasa uliotajwa kwenye jedwali, wakaona sentensi mpya, wakaweka tiki. Hoja ya kweli haikai ukurasa mmoja. Kabla ya kufungua rasimu, jiulize: kama hili limerekebishwa, ni wapi kwingine lazima pabadilike?

Nikupe mfano. Mwanafunzi alikuwa na kaya 1,200, akatumia kanuni ya Yamane ya ukubwa wa sampuli kwa kosa la 0.05:

```
n = 1200 / (1 + 1200 × 0.05²) = 300
```

Dodoso zilizorudi zilikuwa 214. Nikamwandikia kwamba asilimia zake zimepigwa kwa 300. Akajibu "imerekebishwa, uk. 47", na kweli ukurasa huo ulikuwa na aya nzuri kuhusu dodoso zisizorejeshwa. Nikashuka kwenye majedwali ya Sura ya Nne. Waliosema ndiyo 150, bado asilimia 50. Hapana 64, asilimia 21.3. Jumla 71.3! Kwa 214 ilipaswa kuwa 70.1 na 29.9. Ikisiri bado ilisema "nusu ya wakulima", na mapendekezo yote yalisimama juu ya hiyo nusu. Aya moja ilibadilika, tasnifu ikabaki ileile.

Kinyume chake pia kipo. Anayefuta neno "wilaya" na kuandika "kata" kwenye hitimisho, kwa sababu data ilitoka kata moja, huenda amejibu hoja nzito kwa neno moja, ili mradi kichwa cha tasnifu nacho kimefuata. Na anayekataa maoni yako kwa sababu zinazoeleweka amekujibu kuliko anayeandika "asante, imezingatiwa".

Halafu kuna hawa mafundi wa vibanda vya steshenari wanaojitangaza kuwa "wanasafisha masahihisho" usiku mmoja. Wanachojua ni kubadili maneno kwa visawe na kupanga jedwali la majibu likapendeza. Data hawana, kwa hiyo hesabu hawaigusi. Ukishuku, muite mwanafunzi na faili lake la data, umwambie akokotoe lile jedwali la asilimia mbele yako. Dakika kumi zinatosha. Wangu alifungua faili, akahesabu mistari 214, akanyamaza.