Zoezi Anapata Yote, Mtihani Anafeli: Maswali na Majibu

Binti yangu yuko kidato cha nne. Akitoka tuisheni ya hesabu daftari limejaa vyema, mazoezi anapata kumi kwa kumi. Matokeo ya moko yamekuja, amepata 28. Nimhamishe mwalimu? (Mama, Mafinga)

Mama, kabla ya kumhamisha lifungue hilo daftari, utazame maswali yalivyopangwa. Nina hakika utakuta kichwa cha habari "Ujazo wa koni", chini yake maswali kumi, na yote kumi ni ya koni. Baada ya swali la pili mtoto hasomi tena swali. Anachukua namba mbili, anaziingiza kwenye kanuni ileile, anapata vyema. Mtihani hauna kichwa cha habari. Unamwambia kuna rundo la mahindi limechongoka juu, upana wa chini mita 4.2, kimo mita 1, tafuta ujazo. Neno "koni" halimo. Ni yeye wa kuitambua koni, kukumbuka kwamba ina theluthi moja ambayo silinda haina, na kugawa 4.2 kwa mbili ili apate nusu kipenyo, 2.1. Akifanya hayo, kwa π ya 22/7, anapata mita za ujazo 4.62. Kazi ngumu hapo ni kuchagua, na kuchagua ndiko ambako tuisheni haikumfanyisha hata siku moja.

Jambo hili limepimwa, tena kwa hesabu za ujazo. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani, Rohrer na Taylor, waliwafundisha wanafunzi wa chuo kutafuta ujazo wa maumbo manne wasiyoyazoea. Kundi moja lilifanya maswali ya umbo moja hadi yakaisha ndipo likaenda la pili. Kundi jingine lilipewa maswali yaleyale yakiwa yamechanganywa. Wakati wa mazoezi, waliopangiwa umbo kwa umbo walipata asilimia 89, waliochanganyiwa 60. Mzazi yeyote angepeleka mtoto wake kwa wale wa 89. Wiki moja baadaye wakapewa mtihani: waliochanganyiwa walipata 63, wale wengine 20.

Kwa hiyo usibadili mwalimu, badili karatasi. Mada mpya ikifundishwa afanye maswali matatu au manne ya mada hiyo peke yake, ili kanuni ikae mkononi. Kisha apangiwe maswali nane ya mada za nyuma, pasiwe na mawili ya mada moja yanayofuatana, na vichwa vya habari viondolewe. Kabla ya kukokotoa lolote, ayapitie yote na kuandika pembeni ni umbo gani na kanuni ipi. Majibu yasahihishwe siku hiyohiyo. Wiki za mwanzo alama zitashuka na atanung'unika. Usiogope, na usikubali kurudishiwa daftari la vyema tupu. Tuisheni nyingi za mjini zinaishi kwa kuuza raha ile ya kutoka darasani ukijiona umeelewa, na mzazi ndiye anayelipia.

Kukesha usiku wa kuamkia mtihani kunasaidia? (Mwanafunzi, Mbalizi)

Swali hili linaletwa kila muhula. Utaamka na vitu vichache vya asubuhi hiyo, na wiki ijayo havitakuwepo. Lala.

Nasoma notisi za bayolojia mara nne mpaka naona nimezishika, nikifunga daftari siku ya pili sina kitu. Kichwa changu kina tatizo? (Kidato cha tatu, Makambako)

Kichwa chako kizima, mdogo wangu. Unachokiona mara ya nne ni macho kuzoea ukurasa, nawe unadhani ni kujua.

Robert Bjork, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ambaye mwaka 1994 aliyapa mambo haya jina la ugumu unaofaa, anatenganisha vitu viwili: jinsi jambo linavyokujia kwa wepesi sasa hivi, na jinsi lilivyojikita. Ukisoma tena palepale, wepesi unapanda lakini kujikita hakuongezeki sana, kwa kuwa hujakitafuta kitu kichwani, kiko mbele ya macho. Ukiacha kidogo kisahaulike, kisha ukahangaika kukivuta, hapo ndipo kinajikita. Kuhangaika huko ndiko unakokuona kama kuchelewa.

Roediger na Karpicke walilijaribu mwaka 2006. Wanafunzi wengine walisomeshwa habari mara mbili, wengine mara moja kisha wakaambiwa waandike wanachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Walipopimwa wengine baada ya wiki, mambo yaligeuka, 42 kwa 56.

Basi soma mara moja kwa makini, funga, chukua karatasi tupu. Chora moyo wenye vyumba vyake vinne, andika damu inaingia wapi na inatoka wapi. Ukikwama, subiri kidogo kabla ya kufungua. Ukishafungua, sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Rudia kesho kutwa, ukianzia na karatasi tupu, si daftari.

Nafundisha kuchapa kwa kompyuta. Wanachuo wanataka saa nne kwa siku wamalize haraka. Niwakubalie? (Mkufunzi, Njombe)

Usiwakubalie. Uingereza, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 1978, Baddeley na Longman waliwafundisha wafanyakazi wa posta kuchapa. Waliofanya saa moja kwa siku walihitaji saa chache zaidi kwa jumla kuliko waliofanya saa nne kwa siku, ingawa siku zao zilikuwa nyingi. Na hao wa saa moja ndio walioridhika kidogo kuliko wote na mpango wao. Maoni ya mwanachuo juu ya ratiba yasikilize kwa heshima, lakini ratiba ipange wewe.

Nimeanza kuchanganya maswali kama mnavyoshauri, darasa zima limeanguka na mkuu wa shule analalamika. Nitajuaje kama ugumu huu una faida au nawaumiza tu? (Mwalimu, Tukuyu)

Hili ndilo swali nililolisubiri, Mwalimu, kwa sababu wapo wanaodhani kila kigumu kinafundisha. Ugumu unafaa pale tu mwanafunzi anapoweza kuushinda kwa kile alicho nacho.

Chukua madaftari, kila kosa liwekee alama pembeni. K kama alichagua kanuni isiyo yake, kwa mfano aliweka theluthi kwenye tangi la silinda. H kama alichagua vizuri akaharibu hesabu, kwa mfano alitumia kipenyo mahali pa nusu kipenyo. Tangi la kipenyo mita 1.4 na kimo mita 2 lina mita za ujazo 3.08. Ukikuta mtoto ameandika 12.32, mara nne kamili, ujue hakugawa kwa mbili.

Makosa yakiwa mengi ya K, endelea kuchanganya, ndiyo yanayotibiwa hivyo. Yakiwa mengi ya H, simamisha. Rudi kwenye mada hiyo peke yake, fanya mfano ubaoni hatua kwa hatua, wape maswali manne ya aina moja, ndipo uchanganye tena. Yupo pia mwanafunzi wa aina ya tatu: mpe swali na daftari likiwa wazi. Akishindwa hata hivyo, hajafundishwa bado, na kumchanganyia ni kumwonea. Mara nyingi tatizo lake ni hesabu za sehemu, au Kiingereza cha swali lenyewe, na hilo linatafutiwa dawa yake.

Kwa mkuu wa shule usipeleke alama za zoezi. Wape jaribio fupi la mada ya wiki tatu zilizopita bila kuwataarifu, umpelekee hayo matokeo.